Barua ya mapendekezo: ondoa sifa, weka alichokifanya

"Mwalimu N. ni mchapakazi, mbunifu na mwenye nidhamu ya hali ya juu. Anashirikiana vizuri na walimu wenzake, na amechangia sana kuinua taaluma ya shule yetu. Nampendekeza bila kusita."

Hayo ndiyo maneno niliyomwandikia mwalimu wa kemia wa shule ninayoiongoza alipoomba ufadhili wa shahada ya pili kwa mara ya kwanza. Niliyaandika kwa nia njema kabisa, na kila neno lilikuwa la kweli. Hakuitwa hata kwenye usaili. Mwaka uliofuata niliombwa kukaa kwenye kamati ya kuchambua maombi ya ufadhili mwingine, nikapewa bahasha nene ya barua nizisome kwa siku mbili. Karibu kila mwombaji alikuwa mchapakazi. Karibu kila mmoja alipendekezwa bila kusita. Nilipofika katikati ya bahasha niligundua kwamba macho yangu yanaruka aya hizo na kutafuta kitu chochote chenye tarehe, idadi au tukio. Hapo ndipo nilipoelewa nilichomfanyia mwalimu wangu.

Aliporudi ofisini kuomba barua nyingine tuliiandika upya. Mwongozo huu unafuata kazi hiyo tulivyoifanya. Nimebadilisha miaka na idadi kidogo ili asitambulike, ila mwenendo wa kazi ni uleule. Kama wewe ni mkuu wa shule, mkuu wa idara, msimamizi wa karakana au mganga mfawidhi, utafuata njia hiyohiyo, utabadilisha mafaili tu.

Kwanza: usikubali rasimu, omba habari

Kwetu kuna mazoea ambayo sote tunayajua. Mtu anakuja, anaamkia, anasema, "Shikamoo mkuu. Naomba unisaidie barua ya mapendekezo, wanaihitaji Ijumaa." Unaitikia marahaba, kisha unamwambia, "Iandike wewe mwenyewe, ulete nisaini." Mkuu ana kazi nyingi, na mwombaji anaona amepewa uhuru. Lakini mwombaji hawezi kujisifu kwa vitu vyenye uzito, anaona aibu. Kwa hiyo ataandika sifa zile za jumla alizoziona kwenye barua za wengine, nawe utasaini sifa za mtu mwingine.

Badala yake mpe siku mbili akuletee vitu vitatu: tangazo la nafasi anayoiomba, wasifu wake, na majibu ya maswali manne kwa maandishi. Maswali yangu ni haya. Ni kitu gani kilikuwepo au hakikuwepo ulipofika, na sasa kimebadilika? Ulifanya nini hasa kwa mikono yako, na nini kilifanywa na wengine? Nani mwingine aliona? Kuna karatasi gani inayoonyesha hivyo?

Swali la pili ndilo linaloleta tofauti. Mwalimu N. alikuwa ameandika kwenye wasifu wake kwamba "alishiriki katika kuboresha mafunzo kwa vitendo". Nilipomuuliza ni kipi alichokifanya yeye, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mkuu, ile zamu ya bureti niliipanga mimi." Bureti ni mrija wa kioo wa kupimia kimiminika kwenye jaribio la kemia. Nilikuwa nimepita mbele ya maabara ile mara nyingi jioni na kuwaona wanafunzi, lakini sikuwahi kujua kwamba kulikuwa na zamu, wala kwamba kuna aliyeipanga.

Pili: pigia mstari kila sifa, uiulize "nilijuaje?"

Chukua barua ya zamani, au andika rasimu ya haraka kama ulivyozoea, kisha pigia mstari kila neno linalomsifu mtu bila kuonyesha kitu. Kwenye barua yangu mistari iliangukia mchapakazi, mbunifu, nidhamu ya hali ya juu, anashirikiana vizuri, amechangia sana. Pembeni ya kila neno andika jibu la swali moja: nilijuaje? Jibu liwe kitu ulichokiona, ulichokisoma kwenye faili au ulichokipima. "Kila mtu anajua" si jibu.

Mbunifu: nilijua kwa sababu ya zamu ya bureti, na kwa sababu aliwahi kuja na sufuria ya choya maabara. Nitalieleza hilo baadaye. Nidhamu: nilipojiuliza, nilichokuwa nakikumbuka hasa ni siku aliyokataa kusaini mzigo wa kemikali uliopungua. Huo ni uaminifu kazini, na ni mzito kuliko nidhamu. Mchapakazi: sikupata kitu kilichosimama peke yake, kwa hiyo nililifuta neno hilo. Kama zamu ya bureti ikielezwa vizuri, msomaji ataona mwenyewe kwamba anayekaa maabara jioni mbili kila wiki ni mchapakazi.

Kuna kundi jingine la maneno la kupigia mstari, nalo linajificha zaidi kwa sababu ni vitenzi: alishiriki, alichangia, alihusika, alisaidia. Kiswahili cha ofisini kinayapenda kwa sababu hayamwinui mtu juu ya wenzake. Kwenye barua ya mapendekezo yanafanya madhara. Aliyebeba viti kwenye kikao amechangia, na aliyekiandaa kikao amechangia. Tafuta kitenzi kinachosema mkono wake ulifanya nini: alipanga, aliandika, alipima, alifundisha, alikataa, alitengeneza. Kama huwezi kukipata, huenda hujui alichokifanya, na hapo unarudi kwa mwombaji au kwa aliyekuwa naye.

Tatu: fungua mafaili

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo iliyonichukua muda mrefu, kama saa mbili za mchana mmoja. Shule ya kawaida ya kata ina ushahidi mwingi kuliko tunavyofikiri. Nilitoa shajara ya somo la kemia, ambamo mwalimu anaandika alichofundisha siku kwa siku. Nikatoa leja ya stoo ya maabara, karatasi za matokeo ya Baraza la Mitihani kwa miaka miwili, muhtasari wa vikao vya idara ya sayansi, na daftari ambalo Mwalimu N. mwenyewe aliandika vipimo vya kila mwanafunzi kwenye jaribio la asidi na besi.

Habari nilizozikuta kuhusu bureti ni hizi. Kidato cha tatu kilikuwa na wanafunzi 48 wanaosoma kemia. Maabara ilikuwa na bureti 6 nzima. Kabla yake, mwalimu alikuwa akifanya jaribio mbele ya darasa, wanafunzi wakitazama, na wengi walishika bureti kwa mara ya kwanza wanapokaribia mtihani wa kidato cha nne. Yeye aliwagawa wawiliwawili, kwa hiyo kila jioni waliingia wanafunzi 12. Walikuwa wakiingia Jumanne na Alhamisi baada ya masomo, hivyo ndani ya wiki mbili darasa zima lilikuwa limepita. Alianza Februari na kuendelea hadi Oktoba, akiacha likizo na wiki za mitihani. Daftari linaonyesha kwamba kila mwanafunzi alifanya jaribio kwa mikono yake zaidi ya mara 10 kabla ya kuingia kidato cha nne.

Tazama jinsi hesabu hizo zinavyofanya kazi. Hakuna kubwa ndani yake. Bureti 6, wanafunzi 48, jioni mbili. Lakini msomaji aliyewahi kufundisha sayansi anaona palepale tatizo lilikuwa nini na suluhisho lilihitaji akili ya aina gani. Neno "mbunifu" halikuweza kumwonyesha hayo.

Hakiki kila idadi kwa karatasi. Mwombaji aliniambia wanafunzi walikuwa 50, shajara ikasema 48. Hakukusudia kudanganya, alikuwa anakadiria. Lakini kamati ikipiga simu ukajibu 48 wakati barua inasema 50, barua nzima inapoteza imani.

Nne: matokeo ya mtihani, na mtego uliomo

Kila mkuu wa shule anataka kuandika kwamba ufaulu ulipanda. Nami nilitaka. Kabla ya kuliandika, kuna mambo ya kupima.

La kwanza ni neno lenyewe. Kwenye mfumo wetu wa kidato cha nne, A ni alama 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni chini ya 30. Tunapotangaza "ufaulu" kwenye kikao cha wazazi huwa tunahesabu hadi D. Mtu wa nje hajui hilo, na akigundua kwamba ufaulu wako unaanzia alama 30, atajiuliza umeficha nini kingine. Sema wazi unahesabu kuanzia wapi. Mimi nilichagua C na kuendelea, na nikaandika kwamba C inaanzia alama 45.

La pili ni idadi pamoja na asilimia. Mwaka uliotangulia darasa lake, wanafunzi 44 walifanya mtihani wa kemia na 15 walipata C au zaidi, sawa na asilimia 34. Darasa la zamu ya bureti lilikuwa na watahiniwa 46, na 27 walipata C au zaidi, asilimia 59. Ukiandika asilimia peke yake msomaji hajui kama darasa lilikuwa la watu 46 au watu 5. Nimewahi kusoma barua iliyosema mwalimu alipata ufaulu wa asilimia 100. Chini kabisa, kwenye kiambatisho, ikaonekana waliofanya somo hilo ni watatu.

La tatu, na ndilo zito: je, idadi ilipanda kwa sababu yake? Kuna njia mbili za kawaida ambazo matokeo ya somo hupanda bila mwalimu kufanya lolote. Moja ni wanafunzi dhaifu kuachishwa somo kabla ya mtihani. Nililiangalia: walioanza kidato cha tatu ni 48, waliofanya mtihani ni 46, na wawili walihama shule. Hakukuwa na mchujo. Nyingine ni shule nzima kupata msukumo mwaka huo. Na kweli, mwaka huo tuliweka kambi ya masomo kwa miezi miwili kabla ya mtihani, kwa masomo yote. Kwa hiyo sehemu ya mafanikio ya kemia inaweza kuwa ya kambi.

Ningeweza kulinyamazia hilo. Niliona ni afadhali kulisema, na kulilinganisha na somo lingine lililopitia kambi ileile. Baiolojia ilitoka asilimia 40 ya C na kuendelea hadi asilimia 44. Kemia ilitoka 34 hadi 59. Msomaji atapima mwenyewe. Sikuandika "aliinua ufaulu". Niliandika kwamba ufaulu ulipanda katika darasa hilo, kwamba kambi ilikuwepo, na kwamba somo jingine lililokuwa kambini halikupanda kwa kiasi hicho. Sentensi ya namna hiyo ina nguvu kuliko madai, kwa sababu anayeisoma anaona aliyeiandika hamfichi kitu.

Tano: sifa zisizo na idadi

Uaminifu haupimwi kwa asilimia. Hapa unahitaji tukio moja, fupi, lenye mwanzo na mwisho, ambalo uliliona au lina karatasi.

Mwalimu N. alikuwa pia mtunza stoo ya maabara. Siku moja mzigo wa kemikali ulifika saa za jioni, dereva akiwa na haraka. Hati ya kupokelea mzigo ilisema chupa 10 za asidi ya haidrokloriki. Yeye alifungua boksi, akahesabu 8. Dereva alimwomba asaini 10, kwamba mbili zitaletwa kesho. Alikata ile 10 kwa kalamu, akaandika 8, akasaini pembeni, akamtaka dereva naye asaini. Chupa mbili zilikuja baada ya siku tisa. Hati ile ipo kwenye faili, na leja inaonyesha mapokezi mawili kwa tarehe mbili tofauti.

Kwenye barua nililieleza kwa sentensi tatu. Sikumtaja msambazaji, kwa sababu barua si mahali pa kumshtaki mtu, na sikuongeza "hii inaonyesha uadilifu wake mkubwa". Ukishasimulia tukio, acha. Msomaji akiambiwa afikirie nini baada ya kuonyeshwa, anaanza kuwa na shaka na kile alichoonyeshwa.

Habari ya choya nayo ilikuwa ya aina hiyo. Kiashiria cha kununua, yaani dawa inayoonyesha asidi au besi kwa kubadili rangi, kilikuwa kidogo, nacho kilihitajika kwa zamu ya bureti. Kwa ajili ya kidato cha pili alichemsha choya ya sokoni, ile ya kutengenezea juisi, akawafundisha kwamba maji yake ni mekundu kwenye asidi na yanageuka kuelekea kijani kwenye besi. Wakajaribu limao, siki, majivu na sabuni ya kufulia. Nilitamani sana kuliweka kwa urefu, maana nilikuwepo siku ile na nakumbuka kelele za watoto rangi ilipogeuka. Mwishowe nililiacha nje ya barua. Mambo matatu yaliyoelezwa vizuri yanatosha barua ya ukurasa mmoja. Ukiweka saba, kila moja linakuwa fupi kiasi cha kurudi kuwa sifa tupu.

Sita: mlinganisho wenye kundi

Kamati nyingi hutaka ujue mwombaji anasimama wapi kati ya wenzake. "Ni miongoni mwa walimu bora kabisa" haijibu, kwa sababu haisemi bora kati ya wangapi. Taja kundi ulilolifahamu wewe mwenyewe na muda wake. Nilihesabu walimu wa sayansi waliowahi kuwa chini yangu kwenye shule mbili, nikapata 14 katika miaka 9. Nikaandika kwamba katika kupanga mafunzo kwa vitendo, yeye ni mmoja wa wawili waliofanya vizuri zaidi. Sikusema wa kwanza, kwa sababu huyo mwingine alikuwa mzuri vilevile. Pia nilitaja eneo la mlinganisho. Mtu anaweza kuwa wa juu maabara na wa kawaida katika kuandika ripoti, na wote tunajua hivyo.

Saba: vitu visivyoingia

Kulikuwa na jambo nililotaka sana kuandika. Mwalimu N. alipokwenda likizo ya uzazi, zamu ya bureti haikusimama. Alikuwa ameandika kurasa nne za maelekezo: nani anaingia lini, asidi inachanganywaje, bureti zinaoshwaje, makosa gani ya kusoma kipimo yanajirudia. Mwalimu wa baiolojia akaiendesha kwa kurasa hizo. Hapo ndipo palikuwa na ushahidi wa kweli wa "anashirikiana vizuri": alifanya kazi yake iweze kufanywa na mtu mwingine.

Lakini uzazi wake haukuwa wa kuandikwa na mimi. Rasimu yangu ya kwanza ilikwepa neno hilo na kusema "alipokuwa likizo ya siku 84". Mwalimu wa taaluma alipoisoma alinigusa: kila Mtanzania aliyeajiriwa anajua siku 84 ni likizo ya aliyejifungua. Nikabadilisha, "alipokuwa hayupo shuleni kwa karibu miezi mitatu". Ushahidi ulibaki mzima, habari binafsi ikaondoka. Fanya hivyohivyo kwa afya, dini, ndoa na hali ya familia, hata kama unaona inamsaidia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Kwangu lakini sheria ni ya pili. Mwombaji amekukabidhi kueleza kazi yake, na hayo mengine hajakukabidhi. Majina ya wanafunzi pia yasiingie, wala alama ya mwanafunzi mmojammoja.

Kama mwombaji ni mwanamke, isome tena barua kwa jicho hili. Mwaka 2003 watafiti Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 za mapendekezo ya wahadhiri wa chuo kimoja cha tiba cha Marekani. Barua za wanawake zilikuwa fupi zaidi kwa wastani, na mara nyingi zaidi zilikuwa na maneno ya kutia shaka. Niliporudi kwenye barua yangu ya kwanza nilikuta sentensi niliyokuwa nimeisahau: "Ni mpole na anawapenda wanafunzi kama mama." Nilidhani namheshimu. Kwenye barua za walimu wa kiume niliowahi kuwaandikia, hakuna aliyepewa upendo wa baba, wote walipewa kazi walizofanya.

Nane: aya yenyewe, kabla na baada

Kabla ilikuwa sentensi zile tatu ulizozisoma juu. Baada ya kazi yote hiyo, sehemu ya katikati ya barua ilisomeka hivi:

"Nimekuwa msimamizi wa moja kwa moja wa Mwalimu N. kwa miaka minne. Alipoanza kufundisha kidato cha tatu, wanafunzi 48 walikuwa wakitazama majaribio ya kemia bila kuyafanya, kwa kuwa maabara ina bureti 6 tu. Alipanga zamu ya wanafunzi 12 kila Jumanne na Alhamisi jioni, kuanzia Februari hadi Oktoba. Daftari lake la vipimo, ambalo nimelikagua, linaonyesha kila mwanafunzi alifanya jaribio la asidi na besi kwa mikono yake zaidi ya mara 10. Darasa hilo lilipofanya mtihani wa taifa, 27 kati ya watahiniwa 46 walipata C au zaidi (C inaanzia alama 45). Mwaka uliotangulia walikuwa 15 kati ya 44. Mwaka huo shule iliweka pia kambi ya masomo ya miezi miwili, kwa hiyo si ongezeko lote ni la zamu ya bureti. Baiolojia, iliyopitia kambi hiyohiyo, ilitoka asilimia 40 hadi 44.

Alipokuwa hayupo shuleni kwa karibu miezi mitatu, zamu iliendelea chini ya mwalimu mwingine kwa kufuata maelekezo ya kurasa nne aliyoyaandika. Maelekezo hayo bado yanatumika.

Kama mtunza stoo, aliwahi kupokea mzigo ulioandikwa chupa 10 za asidi, akahesabu 8. Aliombwa asaini 10, akasahihisha hati kuwa 8 na kusaini mbele ya aliyeuleta mzigo. Chupa mbili ziliwasilishwa baada ya siku tisa."

Haina sifa hata moja. Nilipomsomea mwalimu wa taaluma, alisema, "Mkuu, huyu mtu namwona." Baada ya hapo ilifuata sentensi ya mlinganisho na nyingine inayounganisha kazi hii na masomo anayoyaomba, ambayo ni ufundishaji wa sayansi. Muunganiko huo unatoka kwenye tangazo. Kama tangazo lingetafuta kiongozi wa taasisi, ningeanza na maelekezo ya kurasa nne, na zamu ya bureti ingefuata.

Barua yenyewe ilikwenda kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo walivyotaka, lakini habari zote tulizitafuta na kuzipanga kwa Kiswahili. Nashauri hivyo. Ukianza moja kwa moja kwa Kiingereza, zile sifa za kukariri ndizo zinazokuja kwanza, kwa sababu ndizo tulizofundishwa. Ukishatafsiri, mpe mtu asiye wa fani yako aisome. Kila atakapouliza "hii ni nini?", ndipo msomaji wa nje naye atakapokwama. Kwetu swali lilikuja kwenye kidato cha nne na Baraza la Mitihani, nikaongeza maneno machache ya kueleza.

Jinsi ya kupima kabla ya kutuma

Funika jina la mwombaji kwa kidole, usome sentensi mojamoja. Kila inayoweza kumhusu mwalimu mwingine shuleni kwako bila kubadilishwa neno, iondoe au ijaze. Kisha soma tena ukitafuta mno, sana, kwa kiasi kikubwa na hali ya juu. Maneno hayo mara nyingi yamekaa mahali pa idadi ambayo hukwenda kuitafuta.

Na kama umefungua mafaili, umemuuliza mwombaji, umewauliza wenzake, na bado hukupata hata vitu viwili vya kuandika, mwite umwambie. Huenda hukufanya naye kazi kwa karibu, na kuna mtu mwingine anayemjua zaidi, mkuu wa idara au msimamizi wake wa zamani. Nimewahi kumwambia mwalimu hivyo. Alinuna siku mbili, kisha akaenda kwa mkuu wa idara wa shule aliyotoka, ambaye alikuwa na mengi ya kusema kuliko mimi.

Ukishatuma, weka nakala ya barua kwenye faili pamoja na nakala za karatasi ulizozitumia: ukurasa wa shajara, ukurasa wa leja, karatasi ya matokeo, hati ya mzigo. Kwa Mwalimu N. simu ilipigwa baada ya wiki sita. Aliyepiga aliuliza mambo mawili tu, kama yale maelekezo ya kurasa nne yapo kweli, na ni nani aliyeiendesha zamu mwalimu alipokuwa hayupo. Faili lilikuwa mezani, nikamsomea ukurasa wa kwanza.